Mrejesho: keki ya nanasi ya kupindua

Nilichouliza: "Nikiipindua keki yangu ya nanasi, nusu ya matunda hubaki kwenye chombo na keki inachanika. Nifanyeje?"

Wapendwa, safari hii imetoka nzima! Kilichosaidia zaidi ni ushauri wa kukausha nanasi. Nilitumia nanasi bichi, nikalikata vipande vyembamba, nikavifuta kwa kitambaa, kisha nikavikaanga kidogo hadi maji yakauka. Nanasi lenye maji huyeyusha karameli ikawa mchuzi, na keki juu yake inalowa na kuchanika.

Karameli nilipikia kwenye sufuria ndogo: siagi gramu 60 na sukari ya kahawia gramu 100, kwa chombo cha sentimita 23. Niliacha ichemke mpaka siagi na sukari zikashikana, nikaitoa kabla haijawa nyeusi, maana ikizidi inakuwa chungu na ikipoa inaganda kama kioo. Chini ya chombo nilitandika karatasi ya kuokea, pembeni nikapaka siagi.

Baada ya kuitoa kwenye oveni nilisubiri dakika 10, nikapitisha kisu pembeni, nikafunika kwa sahani na kupindua. Ikiwa ya moto sana keki ni laini, inavunjika. Ikipoa kabisa karameli inanata. Aliyesema nisikiinue chombo haraka alikuwa sahihi, kwani nilikiacha kidogo na keki ikashuka yenyewe. Vipande viwili viling'ang'ania karatasi, nikavirudisha kwa uma wakati karameli bado ina joto. Hakuna aliyegundua.