Mkate wa kumimina umo mara nne kwenye apu, na wa makosa ndio unaokuja juu!

Bi_Kikwajuni: Jamani nimechoka! Mama yangu ana sukari, na wanga anaokula tunauhesabu kwa apu ya simu. Jana nimemkatia mkate wa kumimina, mizani ikasoma gramu 90, apu ikaniambia wanga gramu 28. Baada ya saa mbili sukari imepanda vibaya. Kuja kutafuta, mkate huohuo umo mara nne! Mmoja kaweka mtu nisiyemjua, miwili niliandika mie siku mbalimbali, na wa nne mdogo wangu, kauita "mkate kumimina" bila "wa", ndiyo maana sikuuona. Huo wake ndio wa mwisho kutumika, basi ndio unaotangulia. Apu inashindwaje kuuliza kama kitu kimo tayari? Hiki ni chakula cha mgonjwa!
Mapishi yetu: mchele nusu kilo, sukari gramu 200, tui, hamira, iliki.

Mla_Boflo: Dada, andika upya, gawa vipande 12, yamekwisha.

Bi_Kikwajuni: Vipande vya nani? Mama hukatiwa chembamba, watoto hujikatia nusu ya kiganja.

Mchuuzi_Wete: Mwache mama ale muhogo. Mie urojo wangu sijawahi kuupima na nna afya.

Bi_Kikwajuni: Kaka, muhogo nao ni wanga. Sikuuliza ale nini.

Jiko_la_Makaa: Bi, fungua ule wa mdogo wako utazame mchele aliochagua. Nadhani kachukua "wali uliopikwa". Gramu 100 za wali zina wanga kama 28, za mchele mkavu kama 80. Mkate wa kumimina mchele unarowekwa na kusagwa, haupikwi kwanza, kwa hiyo upime mkavu kabla ya kuroweka. Nusu kilo ni wanga gramu 400, sukari 200, jumla 600. Tui lina kidogo tu. Sufuria ipime tupu, kisha pima tena na mkate ukishapoa, utoe uzito wa sufuria. Ulipata ngapi?

Bi_Kikwajuni: 1,100. Na kweli, kaweka "wali"!

Jiko_la_Makaa: Basi kwenye idadi ya sehemu andika 1100, kila sehemu iwe gramu moja. Mama akila 90, andika 90. Inakuja wanga 49, si 28. Jina liwe "KUMIMINA MAMA mchele mkavu", mengine yafute.

Mla_Boflo: Lakini tui likizidi je, uzito si unabadilika?

Jiko_la_Makaa: Unabadilika. Kila ukipika pima upya, rekebisha idadi ya sehemu palepale. Usifungue mapishi mapya, ndiko marudio yanakozaliwa.

Bi_Kikwajuni: Nimefuta mitatu yetu. Wa yule mtu haufutiki, unaripotiwa tu. Na siku zilizopita zilizoandikwa 28 bado zinasoma 28, nami kesho kutwa nampelekea daktari kumbukumbu hizo. Nani kaweza kurekebisha za nyuma bila kuingia siku moja moja?