Juu ya sivii: lengo, muhtasari, au tuingie kwenye kazi moja kwa moja?

Chaki Nyeupe: Wakuu, nimefundisha hesabu sekondari miaka 7, sasa naomba kazi ya uchambuzi wa takwimu. Chini ya jina niweke lengo la kazi, niweke muhtasari, au nisiweke kitu nianze na kazi nilizofanya? Rafiki yangu aliyemaliza chuo juzi kaweka lengo. Bosi wangu wa zamani hana kitu kabisa. Nani yuko sahihi?

Bahari Shwari: Lengo limepitwa na wakati, dada. Weka muhtasari, ujaze maneno ya kwenye tangazo. Siku hizi sivii inasomwa na kompyuta kwanza, usipokuwa na muhtasari inakutupa kabla mtu hajaiona.

Chaki Nyeupe: Mimi ni kaka, lakini nashukuru.

Karani wa Faili: Bahari, maneno ya tangazo umepatia, hayo mengine hapana. Kompyuta inatafuta maneno kwenye sivii nzima, haijali yako kwenye aya ya juu au chini ya kazi ya tatu. Kinachomwondoa mtu bila kuonwa mara nyingi ni yale maswali ya kwenye fomu: una leseni, una kibali cha kufanya kazi, una uzoefu wa miaka mingapi. Ukijibu hapana umetoka, hata muhtasari wako uwe wa dhahabu.

Kaka Chaki, rafiki na bosi wako wote wanaweza kuwa sahihi. Vyeo vya bosi vinapanda ngazi moja, msomaji akiona cha mwisho ameshajua anaomba nini, kwa hiyo aya ingemchelewesha tu. Rafiki yako, kama alisomea uhasibu na anaomba uhasibu, shahada yake inatosha na lengo ni pambo. Lingemfaa kama alisomea kitu kimoja na anaomba kingine. Mwenye taabu ni wewe. Kila mstari wako unasema mwalimu, na sisi tunaochuja maombi tunapita haraka, sekunde sita saba hivi. Nikiona mwalimu kwenye rundo la wachambuzi nitadhani umekosea tangazo.

Mtoro wa Usaili: Sekunde SITA! Mtu anakesha wiki nzima anapanga nukta na mikato, kumbe mnapitisha jicho kama mnachagua nyanya. Halafu mnasema "hatukupata waombaji wenye sifa". Mngewapata wapi kwa sekunde sita?

Karani wa Faili: Mkuu, ukiwa na sivii 300 na nafasi moja, na wewe ungefanya hivyo.

Mtoro wa Usaili: Nisingefanya. Ningekunywa chai nikasoma.

Bahari Shwari: Hizo sekunde sita ni za utafiti wa chuo fulani, walisema baada ya hapo sivii inatupwa.

Karani wa Faili: Si chuo. Ni TheLadders, tovuti ya ajira ya Marekani, mwaka 2012. Walifuata macho ya waajiri 30, na sekunde 6 zilikuwa za mchujo wa kwanza tu, huyu abaki au aende. Waliporudia 2018 wakapata 7.4. Waliobaki wanasomwa vizuri baadaye. Jambo ambalo watu hawalisimulii ni kule macho yalikotua: jina, cheo cha sasa na mwajiri, cheo kilichotangulia, tarehe za kuanza na kumaliza, elimu. Ndiyo maana mwenye vyeo vinavyojieleza namwambia asiweke aya. Anavisukuma chini bila sababu.

Mtoro wa Usaili: Basi tuwe tunawatumia vyeo na tarehe tu, tuokoe wino.

Mama Wawili: Mimi nililea watoto miaka minne, nikaandika juu kabisa "narejea kazini baada ya kulea". Niliitwa usaili mara mbili. Kaka Chaki, sema ukweli wako mapema.

Karani wa Faili: Dada, wewe ulikuwa unaeleza pengo, yeye hana pengo. Hata hivyo mimi ningeweka mstari huo ndani ya orodha ya kazi, kwenye miaka yenyewe. Aya ya juu ni ghali, usiitumie kuomba radhi.

Mama Wawili: Sikuomba radhi. Nilitoa taarifa. Na niliitwa.

Karani wa Faili: Nimekosea neno, niwie radhi. Ila bado ningeiweka chini.

Chaki Nyeupe: Naomba turudi kwangu. Nimeandika hivi: "Natafuta nafasi yenye changamoto katika taasisi inayokua, ambapo nitatumia ujuzi wangu na kukuza taaluma yangu."

Mtoro wa Usaili: Hata mimi ninayo hiyo. Neno kwa neno.

Karani wa Faili: Na ndiyo kasoro yake. Inaeleza unachotaka kupewa, nami sijui bado unaleta nini. Ifunike aya hiyo kwa kiganja, mpe mtu asome kilichobaki, umuulize unaomba kazi gani. Akipatia, aya haikuhitajika. Akisema "ualimu", unahitaji aya ya kumgeuza, yenye vitu viwili: unakokwenda, na ulichokwisha kufanya kinachofanana na huko. Una nini cha namna hiyo?

Chaki Nyeupe: Alama za shule nzima, wanafunzi kama 600, niliziingiza kwenye Excel. Ripoti ya muhula iliyokuwa ikichukua wiki mbili ikawa ya siku mbili. Mwaka jana nikajifunza SQL jioni, nikajaribia alama hizohizo.

Karani wa Faili: Na ulitaka kuyaficha hayo! Jaribu hivi: "Mchambuzi wa takwimu mwenye miaka 7 ya kufundisha hesabu. Niliunda jedwali la alama za wanafunzi 600 lililopunguza kazi ya ripoti kutoka wiki mbili hadi siku mbili. Natumia Excel na SQL." Sentensi tatu, basi. Halafu jambo la jedwali lirudi kwenye kazi yako ya shule kwa maelezo zaidi. Likikaa juu tu bila ushahidi chini, nitalishuku.

Mama Wawili: Subirini. Hajaajiriwa hata siku moja kama mchambuzi. Anajiitaje mchambuzi?

Bahari Shwari: Kazi alifanya. Cheo ni karatasi.

Mama Wawili: Mimi najitibu mafua nyumbani, niandike daktari?

Mtoro wa Usaili: Ha ha! Karani, jibu hilo kwa sekunde sita.

Karani wa Faili: Udaktari una leseni, uchambuzi hauna. Lakini dada ana hoja. Wenzangu wengine wakiona cheo hicho juu na "Mwalimu" kwenye kazi zote, wanahisi wamedanganywa. Mimi hainisumbui. Mwoga aandike "Mwalimu wa hesabu ninayehamia uchambuzi wa takwimu".

Mama Wawili: Si woga.

Chaki Nyeupe: Nimechukua hiyo ya "ninayehamia". Nikiulizwa usaili "uchambuzi ulifanyia wapi?" sitaki kuanza kujikanyaga. Na nimemwambia rafiki yangu afute lengo lake. Kanuna, anasema ukurasa utabaki mtupu.

Karani wa Faili: Apandishe elimu juu, na chini yake mradi wa mwaka wa mwisho, alichofanya yeye mwenyewe. Ukijaa nusu ukurasa, si dhambi.

Mtoro wa Usaili: Sawa. Na barua ya maombi, nayo mnaipa sekunde ngapi?