Naomba ushauri: programu mbili zagombania Ctrl+Shift+S

Asalam aleikum jamani, niko Malindi nafanya kazi saiba. Kwa Windows nina programu ya kupiga picha skrini na nyengine ya kuweka vitu nilivyokopi, zote zataka Ctrl+Shift+S. Nikibonyeza, skrini yafifia kama yataka kupiga halafu kidirisha cha ile nyengine chatokea juu, picha sipati na mteja ashasimama hapo. Nikiifunga moja mpaka pale kando ya saa, nyengine yafanya sawa. Najua Windows humpa vitufe aliyetangulia kujisajili, kwa hivyo nashuku moja yasikiliza kibodi yenyewe bila kujisajili. Nimeibadilisha ya kukopi ikawa Ctrl+Alt+V, nikiwasha upya yarudi palepale. Nitajuaje ni ipi yasikiliza kibodi, na nifanyeje hii setingi isirudi?