Nimetoa Tisa ya Fimbo. Niendelee na kesi au niache?

BintiLangoni: Asalaam alaykum wanajamvi. Niko Lamu. Kesi ya nyumba ya marehemu baba inaahirishwa kila mara, nimechoka hadi usingizi sipati. Jana nilitoa karata ya taroti, ikaja Tisa ya Fimbo. Niendelee?

KazaMoyo: Endelea! Tisa ni nguvu. Imebaki hatua moja umalize.

UstadhPwani: Ramli ni haramu, dada. Omba istikhara.

BabaKarata: KazaMoyo, hatua hiyo moja inampeleka kwenye Kumi, na Kumi ni mzigo. Binti, itazame picha. Mtu amefungwa bendeji kichwani, ameegemea fimbo moja, na nane zimesimama nyuma yake kama ua. Jeraha analo, lakini macho yanatazama pembeni, anamngoja adui ambaye hachorwi. Waite, ambaye karata zake zilitoka 1909, aliisoma kuwa nguvu mbele ya upinzani, na pia kuchelewa na kuahirishwa. Hapo inaeleza ulipo, haikuambii uende wapi. Ulitoa hiyo tu?

BintiLangoni: Nilitoa na ya "nikiendelea". Ikaja Kumi ya Fimbo.

BabaKarata: Mbona hukusema mapema? Wa Tisa fimbo inamshikilia yeye. Wa Kumi amezikumbatia zote, uso umezama ndani ya mzigo, njia haioni. Na ya "nikiacha"?

BintiLangoni: Sikuitoa.

MvuviWaShela: Mimi na jirani tuligombania mpaka wa shamba hadi minazi ikazeeka. Wakili wangu ndiye aliyejenga ghorofa 😂

BabaKarata: Binti, unagombana na nani, na amekupa nini?

BintiLangoni: Kaka yangu. Tuko wawili tu. Amekubali kunilipa thuluthi yangu taslimu. Lakini baba nilimuuguza mimi, nataka nusu. Na bangili nimeshauza, wakili mpya nimeshamlipa, kwa hiyo msiniambie niache.

UstadhPwani: Mwana wa kiume hupata mafungu mawili, binti moja. Kwa kadhi utapewa thuluthi hiyohiyo.

BabaKarata: Basi ua unalinda kitu ambacho umeshapewa. Ningekuona wa Tisa kama angegoma kulipa. Uchungu wa kuuguza ni wa kweli, ila hiyo ni karata nyingine, uitolee swali lake. Pesa za wakili ni fimbo ya kumi, si sababu ya kubeba tisa.

Chumvi: Ngojeni kidogo. Juzi kuna mtu alileta kisa hikihiki, nyumba iko Malindi na mgomvi ni shemeji. Na taroti Lamu umeipata wapi?

BintiLangoni: Mgeni aliisahau gesti ninakofanya kazi. Sijawahi kuandika hapa.

Chumvi: Weka picha ya karata.

KazaMoyo: Mtu analia, wewe unataka ushahidi?

DalaliMkunguni: Nyumba hiyo ina daka? Mkikubaliana kuuza, nina mteja.