Tupeane uzoefu: senta kwa senta na pembe ya uzi kwenye womu na gia yake

Mkereza wa Pili: Wakuu, womu iliyo mezani ina kipenyo cha nje 48 mm, pichi ni kama 12.57 mm, na ukiitazama kichwani uzi unaanzia sehemu mbili. Gia yake ina meno 40. Giaboksi imepasuka ubavu, matundu ya beringi hayapimiki. Senta kwa senta na pembe ya uzi mnazipataje? Wekeni na makosa mnayokutana nayo.

Fundi Womu: Hakikisha pichi kwanza. Usipime jino moja hadi la pili. Pima mapengo matano kwa pamoja, sambamba na shafti, kutoka shavu la jino la kwanza hadi shavu la upande uleule la jino la sita, kisha gawa kwa 5. Vernia ikisoma 62.8 hiyo ni moduli 4, yaani pichi ukiigawa kwa π. Ikisoma 63.5 ni pichi ya nusu inchi, na ukiichukulia kuwa moduli 4, gia itatoka ndogo kwa 1.7 mm. Kwenye pengo moja tofauti yao ni 0.13 mm tu, na mashavu yaliyolika yanaificha.

Kisha kipenyo cha kazi cha womu. Jino la kawaida hupanda moduli moja juu ya mstari wa pichi, kwa hiyo 48 toa 8, unabaki na 40. Hiki hakitoki kwenye idadi ya mianzo. Ukizidisha moduli kwa mianzo miwili utapata 8 mm, na womu ya namna hiyo hakuna. Baada ya hapo, L ikiwa ni mwendo wa uzi kwa mzunguko mmoja, p pichi, z1 mianzo, z2 meno ya gia, γ pembe ya uzi, d1 na d2 vipenyo vya kazi vya womu na gia, na a senta kwa senta:

```
L = z1 × p = 2 × 12.566 = 25.13
tan γ = L / (π × d1) = 25.13 / 125.66 = 0.2
γ = 11.31°
d2 = z2 × p / π = 40 × 12.566 / π = 160
a = (d1 + d2) / 2 = (40 + 160) / 2 = 100
```

Kijana wa Milingi: Mbona kwangu pembe inatoka 5.71°?

Fundi Womu: Umeweka pichi mahali pa L. Womu hii ikizunguka mara moja, gia inasogea meno mawili, kwa hiyo L ni pichi mbili. Na ukitumia kipenyo cha nje utapata 9.46°. Zote mbili zinaonekana za kawaida, ndiyo maana hazishtui mtu. Utajua baadaye: meza ya milingi ikiwa imegeuzwa kwa pembe isiyo sahihi, ukipaka rangi ya bluu na kuzungusha womu, alama inakaa kwenye kona moja ya jino na katikati panabaki pakavu. Kwa hii, geuza meza 11°19′.

Babu Karakana: Pembe mimi huwa sihangaiki nayo. Senta kwa senta napima vipenyo vya nje vyote viwili, nagawa kwa mbili, natoa moduli mbili. Gia kama hiyo ikisoma 172, ni 48 na 172, nusu yake 110, toa 8, unapata 102.

Fundi Womu: Njia yako ni sahihi, Babu, ila umepima mahali sipo. Gia ya womu imechimbwa katikati kama kapi, na kingo zake ziko juu zaidi. Hiyo 172 ni ya kingo. Pima ndani ya bonde, katikati ya upana: itasoma 168, na hesabu yako itatoa 100 kamili. Zile 2 mm zikiingia kwenye boksi, meno yatashikana kwa ncha tu na gia itacheza.

Mama Winchi: Samahani, womu ya winchi yangu ilikuwa ya mwanzo mmoja, wakaweka ya mianzo miwili. Sasa mzigo unashuka wenyewe. Senta kwa senta imekosewa?

Fundi Womu: Hapana, dada, senta kwa senta inaweza kuwa ileile. Pembe ndiyo iliyopanda, na kwenye 11° gia inaweza kuisukuma womu irudi nyuma. Hata ya mwanzo mmoja yenye 5.71° usiiamini peke yake, mtikisiko huiachia. Winchi inahitaji breki yake. Usiinue mzigo mpaka ifungwe.

Mkereza wa Pili: Nimeegemeza vipande vya boksi kwenye bamba la kupimia. Juu ya shafti ya gia, 35 mm, ni 188.5, juu ya shafti ya womu, 25 mm, ni 82.5. Ukitoa nusu vipenyo ni 171 na 70. Inatoka 101, siyo 100.

Fundi Womu: Basi ama mpasuko umefunguka 1 mm, ama gia ilikatwa ikiwa imesogezwa nje kwa robo ya moduli, jambo ambalo watengenezaji hulifanya. Bonde likisoma 170 badala ya 168, ni la pili.

Mkereza wa Pili: Bonde limelika lote, linasoma 167 na pengine 168.

Babu Karakana: Tafuta jino lililolika kidogo kuliko yote. Usikate bronzi bado.