Naomba ushauri: kofia nne na hatua inayowagomea wanafunzi

Ndugu wajuzi wa hesabu, nafundisha kidato cha sita hapa Mbeya, na naomba msaada wa namna ya kueleza hatua moja tu.

Swali ni hili: wazee wanne wamevua kofia mlangoni, kisha zikarudishwa ovyo; ni kwa njia ngapi hakuna hata mmoja anayepata yake? Mipangilio yote ni 4! = 24. Kwa kila mzee tunatoa ile ambayo yeye amepata yake, 4 × 3! = 24, ikabaki sifuri, jambo linalowachekesha; lakini wanakubali kwamba mpangilio wenye wawili waliopata zao umetolewa mara mbili, hivyo tunarudisha 6 × 2! = 12.

Ubishi unaanza tunapotoa 4 × 1! = 4. Wanasema, na hoja yao si ya kipuuzi, kwamba watatu wakipata zao, wa nne naye lazima apate yake, kwa hiyo hatua hiyo ingekuwa sifuri. Nawajibu kwamba tunahesabu "angalau hawa watatu", si "watatu tu", na kwamba mpangilio ambao wote wamepata zao unahesabiwa 1 − 4 + 6 − 4 + 1 = 0, yaani unafutika kama inavyotakiwa. Mwishoni tunarudisha 1, ule mpangilio wa wote wanne, na jibu, 24 − 24 + 12 − 4 + 1 = 9, wanalithibitisha kwa kuorodhesha, ila sababu bado hawaioni.

Je, ninyi mngeanza na jedwali linaloonyesha kila mpangilio umehesabiwa mara ngapi, au na kofia tatu kwanza, ambako inabaki mipangilio 2 tu?