Mrejesho: salamu ya siku ya kuzaliwa kwa wateja wa duka

Niliuliza: "Nimwandikieje mteja wangu wa kudumu siku yake ya kuzaliwa bila kumzoea kupita kiasi?"

Asanteni, iliyokubalika ni hii fupi:

"Mama Neema, heri ya siku ya kuzaliwa. Asante kwa kununua unga na mafuta kwetu kila mwisho wa mwezi. Mungu akujalie afya njema. Duka la Kona."

Jina ni lile analoitwa dukani. Bidhaa itajwe moja au mbili, zisiwe za siri kama pedi. Umri na deni visiguswe. Ukichomeka ofa, salamu inageuka tangazo. Tumeni mmoja mmoja, kwani ujumbe wa orodha ya WhatsApp haumfikii asiyehifadhi namba yako.